Kazi za data za usiku: ununue huduma ipi, na ikikatika katikati nani analipa?

Duka la jumla la Chang'ombe, hapa Dodoma, likishafungua matawi Nkuhungu, Ipagala na Kizota, mwenye mali hawezi tena kujua mauzo ya jana kwa kufungua daftari moja. Anataka kila asubuhi kabla ya saa moja simu yake imwonyeshe kila duka liliuza kiasi gani, kipi kimebaki stoo, na fedha za lipa namba zinalingana au hazilingani na risiti. Kazi hiyo hufanywa usiku na programu inayochota data kutoka mfumo wa mauzo, ikaisafisha na kuipanga, kisha ikaipakia kwenye hifadhidata ya ripoti. Kuchota, kuchakata, kupakia: hatua tatu tu, kila usiku, kwa ratiba.

Kampuni za wingu zinauza huduma ya kuendesha hatua hizo kwa bei zinazotofautiana kupita kiasi. Kazi ileile ya maduka manne unaweza kuilipia chini ya shilingi elfu ishirini kwa mwezi, au ukailipia karibu milioni moja. Hapa nimelinganisha njia nne ambazo mtu wa Dodoma anaweza kujiunga nazo kesho kwa kadi ya benki. Nimeziuliza zote swali ambalo kurasa za bei hazilijibu: hatua ya tatu ikifa saa saba na nusu usiku, asubuhi mwenye duka ataona nini, na kuirekebisha kutamgharimu kiasi gani?

Bei ninazotaja ni za dola kama zinavyotangazwa kwa vituo vya Marekani mashariki, na nimezigeuza kwa shilingi 2,600 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Kituo cha AWS cha Cape Town, kilichofunguliwa mwaka 2020, kiko karibu nasi zaidi lakini bei zake ziko juu kidogo. Kabla ya kulipa, pitisha hesabu yako kwenye kikokotoo cha kampuni husika.

Usiku mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue maduka hayo manne kama mfano. Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, yameuza hivi: Chang'ombe shilingi 1,840,000, Nkuhungu 1,260,000, Ipagala 970,000 na Kizota 1,430,000. Jumla ya kweli ni 5,500,000.

Programu inaamka saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumatano. Imeandikwa kama wengi wanavyoandika mara ya kwanza: inachukua duka moja, inachota risiti zake, inazichakata, inazipakia, kisha inakwenda duka linalofuata. Chang'ombe imeingia. Nkuhungu imeingia. Ilipofika Ipagala, mfumo wa mauzo ukachelewa kujibu mpaka muda wa kusubiri ukaisha, na programu ikafa.

Hapo ndipo huduma ya wingu inapoonyesha tabia yake. Ukiwa umeiweka programu kwenye AWS Lambda na kuiamsha moja kwa moja kwa ratiba, Lambda haikati tamaa. Kazi iliyoamshwa kwa namna hiyo ikishindwa, inarudiwa yenyewe hadi mara mbili: mara ya kwanza baada ya dakika moja, ya pili baada ya dakika mbili nyingine. Huu ni mpangilio wa msingi wa huduma yenyewe, hukuuomba wala huoni tangazo lake. Dakika moja ikapita, programu ikaanza upya tangu duka la kwanza, safari hii mfumo wa mauzo ukajibu vizuri, na kazi ikamalizika.

Sasa soma ripoti ya asubuhi. Risiti za Chang'ombe zimeingia mara mbili, na za Nkuhungu mara mbili. Ipagala na Kizota zimeingia mara moja. Jumla inasomeka shilingi 8,600,000, yaani ziada ya 3,100,000 ambayo hakuna mteja aliyeilipa. Na kwenye skrini ya huduma, jaribio la mwisho lina alama ya kijani.

Hili ndilo kosa ninalotaka kila mnunuzi alielewe kabla ya kuangalia bei. Kazi iliyokufa na kubaki imekufa utaiona, kwa sababu ripoti itakuwa tupu na simu zitapigwa. Kazi iliyokufa katikati ikarudiwa kimyakimya inakupa ripoti iliyojaa, nzuri na ya uongo, nawe unaagiza mzigo kwa kuifuata.

Kuitambua si kazi ngumu. Kila risiti ya mashine ya EFD ina namba yake, kwa hiyo idadi ya mistari na idadi ya namba za risiti zisizojirudia lazima zilingane, ikiwa mstari mmoja ni risiti moja:

```sql
SELECT duka, COUNT(*), COUNT(DISTINCT risiti)
FROM mauzo
WHERE tarehe = '2025-03-11'
GROUP BY duka;
```

Duka ambalo namba ya kwanza ni maradufu ya namba ya pili limepakiwa mara mbili. Kuna kipimo kingine ambacho mhasibu wa duka anacho mkononi tayari: ripoti Z ambayo mashine ya EFD huitoa kila siku. Jumla ya ripoti Z na jumla iliyomo kwenye hifadhidata zikipishana, usiangalie kitu kingine mpaka ujue kwa nini.

Njia ya kwanza: seva ndogo na cron

Unakodi seva ndogo ya Linux kwa dola kama 7 kwa mwezi, sawa na shilingi 18,200. Unaweka hifadhidata ya PostgreSQL humohumo, na unaiamuru `cron` iiamshe programu kila usiku. Kwa bei, hakuna kinachoishinda. Unalipa kiasi kilekile kazi ikichukua dakika tano au saa nzima, na kusubiri hakukugharimu kitu.

Kazi ikikatika, `cron` haifanyi lolote. Hairudii na haikumbuki ilipoishia. Na kama seva ilikuwa imezimwa saa saba na nusu, ikiwashwa saa nane `cron` haitalipa deni la usiku ule. Kipima muda cha `systemd` kina uwezo huo ukiweka `Persistent=true`: seva ikiamka inatazama kama kuna zamu iliyopita bila kufanywa, na inaifanya.

Kuna hatari ya pili iliyo kinyume na hiyo. Kazi ya jana ikikwama na kuendelea hadi leo usiku, `cron` itaamsha ya pili juu ya ile ya kwanza, na zote mbili zitapakia. Kinga yake ni amri moja, `flock`, inayoizuia ya pili mpaka ya kwanza iachie kufuli.

Gharama halisi ya njia hii haimo kwenye ankara. Ni mtu: wa kusasisha seva, wa kuhakikisha nakala rudufu zipo na zinafunguka, na wa kuandika mwenyewe kila kinga ambayo huduma nyingine zinakuja nayo. Ukiwa na kijana wa aina hiyo ofisini, seva ndogo inatosha kabisa. Ukimwita fundi mara mbili tu kwa mwezi, unafuu wote umekwisha.

Njia ya pili: Lambda ikiongozwa na Step Functions

Hapa unaigawa kazi vipande vidogo. Kila kipande ni programu ya Lambda, na huduma ya Step Functions ndiyo msimamizi anayejua kipi kimekwisha na kipi bado. Lambda inakupa bure kila mwezi wito milioni moja na gigabaiti-sekunde 400,000 za kazi. Step Functions inakupa hatua 4,000 bure kwa mwezi, na baada ya hapo dola 0.025 kwa kila hatua 1,000. Maduka manne yenye hatua kumi na mbili kwa usiku yanatumia hatua 360 kwa mwezi. Kwa ukubwa huu, kuendesha kazi yenyewe hakukutozi kitu.

Hifadhidata utailipia. Ndogo kabisa ya PostgreSQL kwenye huduma ya RDS, ikiwa na diski ya gigabaiti 20, inafika kama dola 14 kwa mwezi, shilingi 36,400.

Mtego uko kwenye mtandao. Hifadhidata inapaswa kukaa ndani ya mtandao wa faragha, na Lambda inayotaka kuifikia lazima nayo iingie humo. Ikishaingia, haiwezi tena kutoka kwenda intaneti kuchota mauzo mpaka uinunulie mlango unaoitwa NAT Gateway, ambao unatozwa dola 0.045 kwa saa usiku na mchana, iwe kazi ipo au haipo. Kwa mwezi ni karibu dola 33, yaani shilingi 85,000 na ushee, mbali na gharama ya kila gigabaiti inayopita. Ndivyo kazi ya bure inavyogeuka ankara ya shilingi 122,000 pamoja na hifadhidata.

Dawa yake ndiyo inayonifanya niipende njia hii. Tenganisha kuchota na kupakia. Lambda ya kuchota ibaki nje ya mtandao wa faragha: inavuta risiti za duka moja na kuziandika kama faili kwenye hifadhi ya S3, kwa mfano `mauzo/2025-03-11/ipagala.csv`. Lambda ya kupakia ikae ndani, isome faili hilo kupitia lango la S3 ambalo halina malipo, kisha iandike kwenye hifadhidata. NAT Gateway huihitaji tena. Na papo hapo umepata jambo kubwa kuliko akiba ya pesa: kilichochotwa kimehifadhiwa. Kupakia kukifeli, huhitaji kurudi kugonga mlango wa mfumo wa mauzo, unasoma faili lililopo.

Sasa tuurudie usiku ule ule kwa mpangilio huu. Chang'ombe na Nkuhungu zimechotwa, Ipagala imegoma. Step Functions inairudia hatua ya Ipagala peke yake. Lakini soma kwanza mpangilio wake wa msingi kabla ya kuuamini: ukiandika sehemu ya kurudia bila kutaja namba, itarudia mara tatu, ikisubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Kwa intaneti inayoyumba, sekunde saba si kitu. Iandike hivi:

```json
"Retry": [{
  "ErrorEquals": ["States.ALL"],
  "IntervalSeconds": 60,
  "MaxAttempts": 5,
  "BackoffRate": 2
}]
```

Hapo itasubiri dakika 1, kisha 2, 4, 8 na 16, jumla dakika 31. Kwa sababu Step Functions ya kawaida inatoza kwa hatua na haitozi kwa muda, dakika hizo 31 za kusubiri ni bure. Majaribio hayo matano yakishindwa yote, kazi inasimama, nawe asubuhi ukishajua tatizo limekwisha unabonyeza `Redrive`. Huduma inaendelea kuanzia hatua iliyokufa, na matokeo ya zile zilizofaulu yanabaki. Una siku 14 za kufanya hivyo.

Mpaka wa njia hii ni kwamba Lambda moja haivuki dakika 15. Kwa risiti za duka moja za siku moja ni muda mwingi kupita kiasi. Kwa kuchota historia ya miaka mitatu kwa mkupuo, hautoshi. Igawe kwa mwezi.

Njia ya tatu: AWS Glue

Glue imetengenezwa kwa data kubwa, ya kugawanywa kwa mashine nyingi. Inatoza dola 0.44 kwa kizio kimoja cha nguvu kwa saa, kwa hesabu ya sekunde, na kima cha chini ni dakika moja. Kazi ya dakika kumi kila usiku kwa vizio viwili inafika dola 4.40 kwa mwezi. Si ghali. Lakini ukiacha vizio kumi ambavyo fomu hukupendekezea, kazi ileile inakuwa dola 22, na kwa risiti elfu chache vizio vinane vitakaa bure vikihesabiwa.

Hatari yake ni kazi inayokwama bila kufa. Katika matoleo ya Glue hadi la 4.0, muda wa ukomo usipoubadilisha ni dakika 2,880, yaani siku mbili nzima. Vizio kumi vikikwama siku mbili vikisubiri jibu lisilokuja, ankara ni dola 211.20, karibu shilingi laki tano na nusu, kwa usiku mmoja. Toleo la 5.0 limepunguza ukomo huo hadi dakika 480, ambayo bado ni dola 35.20. Ukichagua Glue, jambo la kwanza ni kuandika ukomo wako mwenyewe: kwa kazi ya dakika kumi, weka thelathini.

Kuhusu kukatika katikati, Glue hurudia kazi nzima. Ina alamisho zinazokumbuka faili zilizokwisha kusomwa, lakini alamisho husogea pale tu programu inapofika kwenye `job.commit()` mwishoni. Ikifa kabla ya hapo, safari inayofuata itasoma tena faili zilezile. Kama nusu yake ilishapakiwa, umerudi kwenye tatizo la Chang'ombe na Nkuhungu.

Njia ya nne: Airflow inayoendeshwa na kampuni

Airflow ni programu huria iliyoanzia Airbnb mwaka 2014, na leo ndiyo inayojulikana zaidi kwa kupanga kazi za data. Inakupa ramani ya hatua zote na rangi ya kila moja. Hatua iliyokufa unaifuta hali yake, na inarudiwa pamoja na zote zinazoitegemea. Ukitaka kurudia siku kumi zilizopita kwa sababu kanuni ya kodi ilikosewa, unaiagiza kwa tarehe, na inazipitia moja moja. Katika kushughulikia kilichokatika, hakuna kati ya hizi nne inayoifikia.

Bei yake kwenye huduma ya Amazon, kwa mazingira madogo ya `mw1.small`, ni dola 0.49 kwa saa. Mazingira hayo huwaka muda wote, hata kama kazi yako ni ya dakika kumi usiku. Kwa mwezi ni kama dola 358, shilingi 930,000 hivi, kabla hujaongeza hifadhidata. Shirika lenye milolongo hamsini inayotegemeana litailipia hiyo kwa raha. Maduka manne yatakuwa yanalipa mshahara wa mtu ili kupata rangi kwenye skrini.

Ukiziweka pamoja

| Njia | Kwa mwezi, pamoja na hifadhidata | Hatua ikifa katikati |
|---|---|---|
| Seva ndogo na `cron` | Sh 18,200 | Hakuna linalofanyika mpaka uandike kinga mwenyewe |
| Lambda na Step Functions, bila NAT | Sh 36,400 | Hurudia hatua iliyokufa. Siku 14 za kuendeleza |
| Lambda na Step Functions, na NAT | Sh 122,000 | Sawa na hapo juu |
| Glue, vizio viwili | Sh 48,000 | Hurudia kazi nzima |
| Glue, vizio kumi | Sh 94,000 | Hurudia kazi nzima |
| Airflow ya Amazon | Sh 967,000 | Hurudia hatua na zinazoitegemea, hata za siku zilizopita |

Kinga ambayo hakuna anayekuuzia

Hata ukinunua ya milioni, kuna sehemu moja inabaki mikononi mwa aliyeandika programu. Huduma inaweza kurudia hatua, lakini haijui kama kurudia huko kuna madhara. Hatua ya kupakia yenyewe inaweza kufa ikiwa imeingiza risiti 200 kati ya 450, na `Redrive` ikiianza upya, zile 200 zitaingia tena. Ni lazima hatua iandikwe ili kuifanya mara tano kuache matokeo yaleyale kama mara moja. Kwa PostgreSQL, ukisafisha kwanza jedwali la `mauzo_ghafi` na kulijaza upya kutoka faili la duka, mistari michache inatosha:

```sql
BEGIN;
DELETE FROM mauzo
 WHERE tarehe = :siku AND duka = :duka;
INSERT INTO mauzo (duka, tarehe, risiti, kiasi)
SELECT duka, tarehe, risiti, kiasi
  FROM mauzo_ghafi
 WHERE tarehe = :siku AND duka = :duka;
COMMIT;
```

Kila kilichopo kati ya `BEGIN` na `COMMIT` kinakubaliwa chote au kinakataliwa chote. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kuingiza, hifadhidata inarudi ilivyokuwa. Ikirudiwa, inafuta siku ile ya duka lile na kuiweka upya. Hakuna maradufu, hakuna nusu.

Mambo mawili yanaweza kuivunja kinga hii. La kwanza ni faili tupu. Mfumo wa mauzo ukijibu bila kosa lakini bila risiti yoyote, mistari hiyo itafuta data nzuri na kuweka utupu. Kwa hiyo hesabu mistari ya `mauzo_ghafi` kwanza; ikiwa sifuri kwa duka lililofunguliwa siku hiyo, simamisha kazi na upige kelele.

La pili ni tarehe. Saa saba na nusu usiku ya Dodoma ni saa 22:30 ya UTC ya siku iliyotangulia, na mashine nyingi za wingu husoma UTC. Programu inayojiuliza "jana ni lini?" usiku wa kuamkia Jumatano itatazama saa ya UTC, itaona bado ni Jumanne, na itachota mauzo ya Jumatatu. Mbaya zaidi, ukiiendeleza saa tatu asubuhi, UTC itakuwa imeshaingia Jumatano, na hatua iliyobaki itachota Jumanne wakati wenzake walichota Jumatatu. Tarehe iamuliwe mara moja tu mwanzoni, ipitishwe kwa kila hatua kama `:siku`, na isiulizwe tena. Ratiba nayo ipewe eneo la saa `Africa/Dar_es_Salaam`. EventBridge Scheduler ya AWS inalikubali.

Kwa kuwa duka lisilo na intaneti jioni huleta risiti zake kesho yake, ni busara kila usiku kupakia upya siku tatu zilizopita. Ukiwa na kufuta-na-kuingiza kwa pamoja, hilo halina hatari yoyote. Na haja hiyo si ya kubuni: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Kazi inayochota "jana" pekee iliacha pengo. Iliyorudia siku zilizopita ilijijaza yenyewe mtandao uliporejea.

Funzo kutoka zahanati

Mfano mzuri wa kinga hii uko karibu na kila mtu hapa nchini. Takwimu za MTUHA za vituo vya afya huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. DHIS2 nayo ina kazi ya ratiba, mara nyingi ya usiku: inachukua takwimu ghafi na kujenga majedwali ya ripoti. Haiandiki juu ya majedwali yanayosomwa. Inajenga mapya pembeni, yenye jina linaloishia `_temp`, inayawekea faharasa, na yakishakamilika ndipo inaondoa ya zamani na kuyapa mapya jina lile.

Kazi hiyo ikifa nusu ya safari, mganga mkuu wa wilaya akifungua ripoti asubuhi ataona takwimu za jana zikiwa kamili. Hataona nusu ya leo. Ripoti iliyochelewa siku moja inaweza kutumika, mradi juu yake pameandikwa ilitengenezwa lini. Ripoti ya nusu haitumiki kwa lolote. Muulize anayekuuzia mfumo wowote wa ripoti: mnaandika juu ya jedwali linalosomwa, au mnajenga pembeni na kubadilisha? Asipoelewa swali, tafuta mwingine.

Kabla ya kupeleka data nje ya nchi, zingatia pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu kuvuka mipaka. Ripoti ya mauzo haihitaji namba ya simu ya mteja wala jina lake. Viondoe kwenye hatua ya kuchota, kabla faili halijafika S3.

Uamuzi

Kwa biashara ya maduka manne hadi kumi, nunua Lambda na Step Functions, tenganisha kuchota na kupakia kupitia S3, na usiweke NAT Gateway. Shilingi 36,400 kwa mwezi inakupa uwezo wa kuendelea pale kazi ilipokatika, uwezo ambao wengine wanaulipia laki tisa. Seva ndogo na `cron` ni chaguo la haki kwa mwenye fundi wa kudumu anayejua `flock` na nakala rudufu. Glue iache mpaka data yako iwe kubwa kuliko mashine moja inavyoweza kubeba, na siku ukiichukua anza kwa kuandika ukomo wa muda. Airflow ya kulipia ifikirie ukishakuwa na milolongo mingi inayosubiriana na mtu wa kuiangalia kila siku.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, mfanyie mtihani mmoja mbele ya macho yako: aanzishe kazi, aizime katikati ya kupakia, aianzishe tena, kisha mlinganishe jumla na ripoti Z ya kila duka. Zikilingana, mlipe. Zisipolingana, arudi akairekebishe kwanza.